Kabla ya Kumwaga Jamvi: Nailoni, Lami na Dawa ya Mchwa

Kibaha, Chanika, Bagamoyo na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam, nyumba nyingi hujengwa kwa awamu. Mwaka huu msingi, mwakani boma, kisha kupaua, na jamvi linasubiri mpaka mwenye nyumba apumue kidogo. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida utaratibu huo una akili yake. Lakini una athari ambayo wachache huiwaza: sakafu inamwagwa ndani ya kuta zilizokwisha kusimama, chumba baada ya chumba, na kila chumba kinabaki na mshono unaokizunguka pande zote nne, pale zege la sakafu linapokutana na tofali.

Zege likikauka husinyaa. Katika sebule ya mita 5 kwa 4, jamvi litaachana na ukuta kwa ufa wa milimita moja au mbili, na kwa jicho la kawaida ufa huo hauonekani, hasa sakafu ikishawekewa vigae. Mchwa mfanyakazi anahitaji upenyo wa milimita moja na nusu hivi. Unyevu hauhitaji hata huo. Kwa hiyo mtu anayejenga kwa awamu ana kazi ya ziada pale pembeni, na vifaa vitatu vinavyouzwa kwa ajili ya kazi hiyo ni nailoni, lami na dawa ya kunyunyizia udongo.

Swali ambalo wenye nyumba huuliza dukani ni kipi bora kati ya hivyo vitatu, kwa matumaini ya kununua kimoja na kuacha viwili. Ni swali la haki, fedha ni zao. Tatizo ni kwamba vitatu hivyo havifanyi kazi moja. Nailoni inazuia unyevu usipande kupitia sakafu. Lami inazuia unyevu usipande kupitia ukuta. Dawa inazuia mchwa, na haizuii tone la maji. Mchwa kwa upande wao hawaiogopi nailoni wala lami: meno yao yanatoboa plastiki laini, na karatasi ya lami wanaipenya au wanaizunguka. Mafundi wengi bado huwaambia wateja kwamba "ukiweka nailoni nzito, mchwa hapiti". Si kweli.

Tuanze na maji. Tofali la mchanga na saruji lina vitundu vidogo mno, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Udongo mlaini wa mfinyanzi au kifusi cha udongo wa kawaida hupandisha maji vivyo hivyo. Mawe makubwa hayapandishi, kwa sababu nafasi kati yake ni kubwa mno, na hiyo ndiyo faida halisi ya tabaka la mawe la sentimita 15 au 20 chini ya jamvi, mbali na kubeba uzito. Lakini mawe hayazuii mvuke. Hewa iliyo chini ya sakafu imejaa unyevu mwaka mzima, na unyevu huo unapenya zege polepole. Ukiona vigae vinaachia, zulia linanuka ukungu, au chini ya godoro lililolazwa sakafuni pana umajimaji asubuhi, aghalabu chanzo ni hicho.

Ukanda wa pwani una balaa lake la pili, nalo ni chumvi. Maji yanayopanda ukutani hubeba chumvi ya ardhini, na yale ya mchanga wa baharini kama fundi aliutumia. Maji yakifika juu ya plasta hukauka, chumvi inabaki na kuganda kama unga mweupe. Ikiganda chini ya rangi, rangi inavimba na kubanduka. Watu hukwangua, hupaka upya, na baada ya masika moja hali inarudi ileile.

Nailoni ndiyo kinga rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoibiwa kuliko zote. Inayofaa chini ya jamvi ni ya geji 1000, yaani unene wa mikroni 250, robo ya milimita. Dukani utakuta nyeusi zinazofanana kabisa, na mwuzaji atakuambia zote ni geji 1000. Unene huo huwezi kuupima kwa vidole, ila mizani inaupima. Plastiki ya aina hii ikiwa na unene wa mikroni 250 huwa na uzito wa gramu 230 hivi kwa mita ya mraba. Roli lenye mita za mraba 100 linapaswa kuwa na kilo 23 bila bomba la katikati. Ukilipima ukapata kilo 12, umeuziwa geji 500, hata kama lebo inasema vingine. Mizani ya kupimia misumari ipo kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Omba itumike.

Unene una maana kwa sababu adui mkubwa wa nailoni ni siku ya kumwaga zege. Chini yake pana mawe yenye ncha, juu yake wanapita watu wenye buti na toroli lililojaa. Ndiyo maana juu ya mawe hutandazwa mchanga wa sentimita 5, ukasawazishwa na kushindiliwa, ndipo nailoni ilazwe. Fundi anayelaza nailoni moja kwa moja juu ya mawe amekuwekea chujio. Vipande vinapokutana vipishane sentimita 30, na pindo libandikwe kwa gundi ya utepe. Bomba la choo linapopenya, nailoni ikatwe alama ya msalaba, ndimi zake zipandishwe kwenye bomba, kisha zifungwe kwa utepe. Wavu wa nondo usimamishwe juu ya vipande vidogo vya zege. Vipande vya nondo vilivyochongwa ncha vitatoboa shimo kila vinapokaa.

Na pembeni, kwenye ule mshono, nailoni isiishie chini ukutani. Ipande ukuta kupita unene wa jamvi, ibaki imeinuka kama ukingo wa sinia, na ikatwe baada ya sakafu kumalizika. Hapo ndipo hesabu ya wengi inapokosea. Mtu anapima sakafu, anapata mita za mraba 70, ananunua 70. Sebule ya mita 5 kwa 4 peke yake, ukiongeza sentimita 15 za kupandisha kila upande, inakuwa mita 5.3 kwa 4.3, yaani karibu mita 23 za mraba badala ya 20, na bado hujahesabu mapishano. Kwa nyumba ya mita 70 nunua 100. Ukinunua 70, fundi atafanya linalowezekana: atapunguza mapishano na ataacha pembe.

Sasa lami. Watu wengi wanaijua kama kitu cheusi cha kupaka, na kupaka kuna mahali pake, lakini kazi yake kubwa katika nyumba ya awamu hufanyika mapema zaidi, siku boma linapoanza. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, hulazwa mkanda wa karatasi ya lami wenye upana wa ukuta, juu ya tabaka laini la saruji na mchanga. Mafundi huuita dipisi. Unapaswa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, na vipande vyake vipishane sentimita 10 hadi 15, hata kwenye kona na pale ukuta wa ndani unapoungana na wa nje. Wengi huuruka kwa hoja kwamba juu ya msingi kuna mkanda wa zege wenye nondo. Zege hilo hupunguza kasi ya maji, halizuii. Na kosa hili haliwezi kurekebishwa kwa urahisi, kwa sababu ukuta wote uko juu yake.

Mkanda huo na nailoni ya sakafu lazima vikutane. Hebu mwenye boma lililosimama aende akachungulie: je, karatasi ya lami iko usawa gani ukilinganisha na jamvi litakapofikia? Ikiwa iko usawa wa jamvi au chini yake kidogo, nailoni iliyopandishwa ukutani itaifikia na kuipita, na kinga itakuwa moja. Lakini kuna maboma ambayo fundi alijenga kozi moja ya tofali juu ya msingi ndipo akalaza dipisi, kwa hiyo iko sentimita 20 juu ya sakafu ijayo. Kipande hicho cha ukuta kitalowa, na plasta iliyo nyuma ya pindo la vigae itaoza kwanza. Hapo ndipo lami ya kupaka inapohitajika: ukuta wa ndani upakwe kuanzia chini ya usawa wa jamvi mpaka kwenye karatasi, na nailoni ibanwe juu yake.

Kwa kupaka, lami ya maji ni rahisi na salama kuliko ya kuchemsha. Inatoka ndoo ikiwa na rangi ya kahawia na ikikauka inakuwa nyeusi, hivyo huhitaji kumwuliza fundi kama imekauka: angalia rangi. Mkono wa pili upakwe kukatisha wa kwanza, na usipakwe wakati wa kwanza ungali wa kahawia. Ukuta uliofunikwa na vumbi au uliolowa maji chururu hautaishika, itabanduka kama ngozi. Ile ya kuchemsha ina hatari ya moto, na mafundi huilainisha kwa dizeli au mafuta ya taa, kisha hunung'unika kwamba haikauki.

Kosa jingine linaonekana tu baada ya nyumba kuhamiwa. Plasta ya nje inashushwa mpaka ardhini, ikafunika ukingo wa karatasi ya lami. Maji sasa yana daraja: yanapanda ndani ya plasta, yanaivuka karatasi kwa nje, yanaingia ukutani juu yake. Bustani ya maua iliyorundikwa udongo dirishani hufanya vivyo hivyo, na mchwa nao wanalitumia daraja hilohilo.

Mchwa wanaosumbua nyumba zetu wengi wao ni wa ardhini. Kiota kiko chini au kwenye kichuguu kilicho mbali, na wafanyakazi wanatembea gizani ndani ya mirija ya udongo kwa sababu hewa kavu inawaua. Mrija wenye unene wa penseli ukutani, fremu ya mlango inayotoa sauti tupu ukiigonga, au kumbikumbi wanaotoka kwenye ufa wa sakafu baada ya mvua, ni dalili kwamba njia tayari ipo. Njia zenyewe ni chache: ule mshono wa jamvi na ukuta, kandokando ya mabomba, nyufa, na plasta ya nje.

Dawa hunyunyiziwa kwenye udongo ulio chini ya sakafu ili kukata njia hizo. Zamani zilitumika aldrini, dieldrini na klodani, ambazo zilikaa ardhini miaka mingi sana. Wazee wa fani wakikuambia kwamba dawa za zamani zilikuwa kali, wanasema kweli, na kwa sababu hiyohiyo zikawekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001: zilikuwa haziozi, na ziliingia kwenye maji, samaki na maziwa ya mama. Baada yake ilitawala klorpirifosi, ambayo nayo iliongezwa kwenye mkataba huo mwaka 2025 ikiwa na misamaha. Zinazobaki ni kama bifenthrini, ambayo mchwa wanaihisi na kuikwepa, na fipronili au imidaklopridi, ambazo hawazihisi, wanapita ndani yake na kufa. Tofauti hiyo ina uzito. Dawa ya kukwepwa ikiachwa na pengo la kiganja, mchwa watalitafuta mpaka walipate. Yoyote utakayochagua, lebo yake ionyeshe kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na iseme wazi kuwa ni ya mchwa wa majengo. Dawa ya shambani ina kipimo kingine.

Kipimo ndicho kinachoibiwa hapa, kama unene wa nailoni kule. Kiwango cha kawaida cha mchanganyiko ni lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Tuchukue nyumba yetu ya mita 70: kwa lita 5, hizo ni lita 350. Kuizunguka nyumba kwa nje, mfereji mdogo wa kina cha sentimita 30 huhitaji kama lita 5 kwa kila mita ya urefu, na nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mzunguko wa mita 36, yaani lita 180. Jumla lita 530. Ukitumia bifenthrini yenye gramu 100 kwa lita, na lebo ikadai nguvu ya asilimia 0.05, utachanganya mililita 5 kwa kila lita ya maji, kwa hiyo unahitaji lita 2 na mililita 650 za dawa.

Bomba la mgongoni hubeba lita 16. Lita 350 za ndani ni mabomba 22. Kijana akija na bomba moja, akajaza mara tatu, akamaliza nyumba nzima ndani ya saa moja na kudai malipo yake, amekuwekea lita 48. Hiyo ni chini ya lita moja kwa mita. Udongo umelowa juu tu kwa unene wa ukucha, na jua la mchana litamaliza kilichobaki. Huna haja ya kujua kemia ili kumbaini: hesabu mabomba.

Mfuatano wa siku hiyo nao haubadilishwi ovyo. Kwanza kifusi kisafishwe. Mifuko ya saruji, vigingi vya kupimia, mabaki ya mbao za kufungia zege, mizizi ya mwembe uliokatwa: vyote ni chakula kilichozikwa chini ya kitanda chako. Mabomba yote yalazwe kabla, kwa sababu ukichimba baada ya kunyunyizia umeivunja kinga. Kifusi kishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15, yaje mawe, uje mchanga. Ndipo dawa, ikianzia pembeni kandokando ya kuta na kuzunguka kila bomba kwa wingi, kisha katikati. Iachwe izame mpaka mchanga using'ae kwa maji, na nailoni ilazwe siku hiyohiyo. Nailoni inaikinga dawa dhidi ya jua, mvua na maji ya zege. Hapo vifaa viwili ambavyo mwenye nyumba alitaka kuchagua kimoja vinasaidiana.

Kwa sababu hiyo pia, kunyunyizia dawa mwaka wa msingi huku jamvi likisubiri miaka miwili ni kutupa fedha. Boma lisilo na paa hunyeshewa, kifusi kinakanyagwa na kuongezwa, dawa inaoshwa. Subiri. Dawa na jamvi ni kazi za wiki moja. Kama pana kisima karibu na nyumba, upande huo usinyunyiziwe kabla ya kupata ushauri wa mtu mwenye leseni, na watoto pamoja na kuku wasiingie mpaka nailoni imefunika.

Wapo wanaomwaga oili chafu ya magari badala ya dawa, au wanaichanganya na lami. Ni bure, ndiyo, na harufu yake inatia imani. Lakini inalainisha lami, inaharibu nailoni, inachafua maji ya ardhini, na mchwa wanarudi harufu ikiisha.

Hata kazi iliyofanywa vizuri ina mwisho. Dawa za sasa kwa kawaida huhesabiwa miaka 5 hadi 10, na kwenye udongo wa joto na unyevu hupungua mapema. Mfereji wa nje unaweza kurudiwa bila shida. Chini ya jamvi haiwezekani bila kutoboa sakafu kwa mashine, kila sentimita 30 au zaidi kidogo kandokando ya ukuta, na kupiga dawa kwa shinikizo. Kwa hiyo acha pembeni mwa nyumba upana wa hatua moja usio na bustani wala sakafu ya zege iliyogusana na ukuta, uweze kuikagua mirija na kurudia dawa. Na kama umenunua nyumba iliyokwisha kujengwa ukashuku unyevu, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kwenye sakafu isiyo na vigae, ziba kingo zote kwa utepe, kiache mpaka kesho yake. Matone chini yake au zege lililobadilika rangi litakujibu.

Fedha zikiwa kidogo, mpangilio wangu ni huu. Mkanda wa lami juu ya msingi hauachwi hata kidogo, kwa kuwa hauna siku ya pili. Nailoni ya geji 1000 inafuata, nayo ni rahisi kuliko kubandua vigae vya vyumba vitatu. Dawa ya ndani ni ya tatu, na kama haitoshi sakafu nzima, usiipunguze nguvu kwa maji: weka kipimo kamili kandokando ya kila ukuta na kila bomba, uache katikati. Siku ya jamvi ingia mwenyewe kila chumba kabla toroli la kwanza halijamwagwa, angalia kama nailoni imepanda ukutani kwenye pembe zote nne, na usiruhusu zege mpaka iwe imepanda.